Mambo ya kuzingatia kabla ya kuuandikia ubalozi barua pepe kuhusu pasipoti iliyopotea ugenini

Mdogo wangu hununua nguo za watoto na mapambo ya harusi mjini Yiwu, katika jimbo la Zhejiang nchini China, mji ambao wafanyabiashara wengi wa Kariakoo wanaufahamu. Jumanne moja jioni, tarehe 11 Novemba, alishuka kwenye teksi na kuuacha mkoba wake kwenye kiti cha nyuma, pasipoti ikiwa ndani. Alinipigia simu usiku huohuo akanisomea barua pepe aliyotaka kuipeleka ubalozini Beijing: “Naombeni msaada wa haraka sana, nimepoteza pasipoti yangu na niko katika hali mbaya.” Nilimsihi asiitume. Si kwamba ilikosa adabu, bali afisa wa ubalozi asingeweza kufanya lolote kwa maneno hayo zaidi ya kumwandikia tena na kumuuliza yeye ni nani, na kuulizana huko kungekula siku nzima.

Afisa anayeipokea barua ya namna hiyo ana maswali mawili ya kujibu kabla hajatoa hati yoyote. La kwanza ni kama anayeandika ni Mtanzania kweli na ndiye mwenye pasipoti anayoitaja. La pili ni hati gani inahitajika, na kufikia tarehe gani. Kila unachokiandaa kabla ya kuandika kinapaswa kujibu moja ya maswali hayo, na kisichojibu lolote hakina nafasi kwenye barua.

Kabla ya kuandika, hata hivyo, hakikisha kwamba pasipoti imepotea kweli. Nasisitiza jambo hili kwa sababu taarifa ya upotevu haifutiki kwa kusema “nimeiona.” Ukishaitoa rasmi, pasipoti hiyo hubatilishwa, na namba yake huweza kuingizwa katika hifadhidata ya Interpol ya hati za kusafiria zilizoibwa au kupotea, ambayo imekuwapo tangu mwaka 2002 na husomwa na maofisa wa mipakani katika nchi nyingi. Kwa hiyo tumia saa chache za mwanzo kutafuta kwa mpango. Risiti ya teksi nchini China huwa na namba ya gari, na safari iliyoitwa kwa simu hubaki kwenye kumbukumbu za simu hiyo. Mdogo wangu alikuwa ameitupa risiti. Mhudumu wa mapokezi alimpigia simu kampuni ya teksi kwa Kichina, lakini hadi asubuhi hapakuwa na jibu, na hapo ndipo tulipokubaliana kwamba muda wa kutafuta umekwisha.

Kinachofuata ni kukusanya taarifa za pasipoti yenyewe. Aliyejiandaa kabla ya safari ana picha za kurasa tatu kwenye barua pepe yake: ukurasa wenye picha na majina, ukurasa wa viza, na ukurasa uliogongwa muhuri wa kuingia nchini. Asiyekuwa nazo asikate tamaa, kwa kuwa nakala zipo kwa watu wengine. Hoteli nchini China humsajili kila mgeni kwa pasipoti yake, kwa hiyo aghalabu mapokezi wana nakala waliyoiskani siku ulipofika, na wanaweza kukuchapia. Wakala aliyekushughulikia viza Dar es Salaam anaweza kuwa na nakala pia. Mdogo wangu alipata ukurasa wa picha hotelini, na picha ya viza akaipata kwa wakala wake wa viza, ambaye hakuwa ameifuta.

Ukiikosa namba ya pasipoti kabisa, andika Namba ya Utambulisho wa Taifa, ile ya NIDA yenye tarakimu 20, kwa kuwa kwayo unaweza kutambuliwa hata bila namba ya pasipoti. Majina yaandikwe kama yalivyo kwenye pasipoti, kwa mpangilio uleule na herufi zilezile, hata kama nyumbani unaitwa kwa jina jingine. Nimeona mtu akicheleweshwa kwa sababu aliandika jina la mume ambalo halimo kwenye kumbukumbu za Uhamiaji.

Mpangilio wa hatua nao una uzito, na kila nchi ina wake. Nchini China unaanza na kituo cha polisi kilicho karibu na mahali ulipopotelewa, kisha unakwenda ofisi ya polisi ya mji inayosimamia uingiaji na utokaji wa wageni, ambako unapewa cheti cha kuthibitisha kwamba umetoa taarifa ya kupotelewa na pasipoti. Ubalozi huhitaji cheti hicho. Ukishapata pasipoti mpya au hati ya dharura ya kusafiria, safari ya ofisi haijaisha: viza yako ilipotea pamoja na pasipoti, na hati ya dharura peke yake haikuruhusu kutoka nchini. Lazima urudi nayo kwenye ofisi ileile ya polisi kuomba kibali, na kibali hicho huchukua siku kadhaa za kazi. Wengi hawalijui hili hadi wanapofika uwanja wa ndege.

Hapa ndipo uharaka unapopimwa, na ndipo watu wengi wanapokosea. Mdogo wangu alitaka kuandika kwamba ndege yake inaondoka Jumatano tarehe 19. Nilimshauri aanze na viza, iliyokuwa inaisha Ijumaa tarehe 21. Tiketi hubadilishwa kwa kulipia; viza ikipita, sheria ya China inaruhusu faini ya yuani 500 kwa kila siku, isiyozidi yuani 10,000, au hata kuwekwa kizuizini kati ya siku 5 na 15. Tukahesabu kurudi nyuma: ili aombe kibali kabla ya tarehe 21, alipaswa kuwa na hati ya dharura mkononi si zaidi ya Jumatatu tarehe 17. Tarehe hiyo ndiyo iliyoingia kwenye barua. Neno “haraka” halikuwa na kazi tena, kwa sababu afisa alijionea mwenyewe siku ambayo mambo yangeharibika na sababu yake.

Barua aliyoituma Jumatano asubuhi, baada ya kutoka polisi, ilikuwa hivi, isipokuwa taarifa zake binafsi nimeziondoa:

“Yah: Kupotelewa na pasipoti Na. ……, Yiwu, tarehe 11 Novemba. Viza inaisha tarehe 21 Novemba.

Mimi ni raia wa Tanzania, jina langu ni …… kama linavyosomeka kwenye pasipoti, nimezaliwa tarehe …… mkoani ……. Namba yangu ya NIDA ni ……. Pasipoti yangu ilitolewa Dar es Salaam tarehe ……. Niliisahau ndani ya teksi mjini Yiwu jana saa moja jioni, na juhudi za kuipata kupitia kampuni ya teksi hazijafanikiwa. Nimetoa taarifa polisi leo na nimepewa cheti ambacho nakiambatisha.

Naomba hati ya dharura ya kusafiria kwa ajili ya kurudi nyumbani. Viza yangu inaisha Ijumaa tarehe 21, na ninatakiwa kuomba kibali cha kutoka kwa polisi wa hapa kabla ya siku hiyo, hivyo naomba nisaidiwe kuipata hati ifikapo Jumatatu tarehe 17. Nimepanga kusafiri kupitia Addis Ababa. Naomba kuelekezwa kama ni lazima nifike Beijing mwenyewe, nije na nini, na ada hulipwaje.

Ninapatikana kwa namba ya China …… na kwa WeChat kwa namba hiyohiyo. Ndugu yangu aliye Dar es Salaam, anayeweza kuthibitisha taarifa zangu, ni ……, simu ……. Naomba kuwasilisha.”

Nina maelezo machache juu ya barua hiyo. Swali la kufika mwenyewe si la mapambo: kutoka Yiwu hadi Beijing ni zaidi ya kilomita 1,000, tiketi ya treni China hukatwa kwa jina na namba ya hati, na hoteli huomba hati hiyohiyo, kwa hiyo asiye na pasipoti hapaswi kuanza safari kabla hajajua kama inahitajika na atatumia karatasi gani njiani. Njia ya ndege nayo hutajwa kwa sababu si kila shirika au kila nchi ya kupitia huipokea hati ya dharura kama inavyoipokea pasipoti. Shirika lako uliulize kabla ya kubadilisha tiketi.

Kuhusu mawasiliano, kumbuka kwamba Gmail na WhatsApp hazifunguki kwenye mtandao wa kawaida wa China. Anayetumia laini ya Tanzania anaweza kuzifungua, ila siku salio linapokwisha, jibu la ubalozi linabaki bila kusomwa. Toa namba ya China, na uwe na anwani ya barua pepe ambayo umeijaribu ukiwa kulekule. Anwani ya ubalozi uichukue kwenye tovuti ya serikali inayoishia na `go.tz`, si kwenye kundi la WeChat ambako mtu anajitolea kukusaidia kwa malipo. Barua hii ina namba ya NIDA na nakala ya pasipoti, na ikiangukia mikononi mwa tapeli atakuwa na kila anachokihitaji kukuiga.

Viambatisho viwe vichache na visomeke: cheti cha polisi, nakala ya pasipoti, nakala ya viza, kitambulisho cha NIDA au cheti cha kuzaliwa, na picha ndogo ya pasipoti. Piga picha ya karatasi ikiwa imelala mezani penye mwanga, pembe zote nne zionekane. Cheti cha kwanza alichokipiga mdogo wangu kilikuwa na kivuli cha simu juu ya muhuri mwekundu, na muhuri ndio unaotazamwa.

Tuma asubuhi ya Beijing. China iko mbele ya Tanzania kwa saa tano, kwa hiyo ofisi za Dar es Salaam zinapofungua saa 2 asubuhi, Beijing ni saa 7 mchana. Barua ikiwa imeshasomwa kufikia wakati huo, uhakiki wa Dar es Salaam unaweza kuombwa siku ileile. Tazama pia kalenda: kuanzia tarehe 1 Oktoba ofisi za China hufungwa kwa siku kadhaa za sikukuu ya taifa, kipindi ambacho wafanyabiashara wetu wengi wako huko wakisubiri maonesho ya Guangzhou.

Dereva wa teksi aliurudisha mkoba hotelini Jumamosi, pasipoti ikiwa ndani bila hata ukurasa kukunjwa. Mdogo wangu alishawishika kusafiri nayo, kwa kuwa viza yake ilikuwa bado hai. Nilimwambia asiifungue hata kaunta ya ndege, kwa sababu ilikuwa imeshatangazwa kupotea na ingemzuia kwenye dirisha la uhamiaji. Aliandika barua pepe ya pili, mistari mitatu tu, chini ya kichwa kilekile cha barua ya kwanza, akaueleza ubalozi kwamba pasipoti imepatikana na kuuliza aikabidhi wapi, kisha akaendelea na safari kwa hati ya dharura.