Kabla hujaandika hipu soti

Hipu soti ni njia ya kupanga namba kuanzia ndogo hadi kubwa. Chukua karatasi kwanza, kibodi isubiri. Andika uzito wa mizigo sita kwa kilo, kuanzia nafasi ya 0: 4, 10, 3, 5, 1, 8. Safu hii hii ndiyo itakayogeuzwa kuwa hipu, yaani safu ambayo hakuna mtoto aliye mkubwa kuliko mzazi wake, hivyo huhitaji safu ya pili. Unachohitaji ni kujua nani mtoto wa nani: aliye nafasi ya `i` ana watoto kwenye `2*i + 1` na `2*i + 2`. Ukihesabu kuanzia 1, hesabu hizo hubadilika, kwa hiyo amua mapema na usichanganye.

Hipu hujengwa kutoka nyuma kwenda mbele. Anza na mzazi wa mwisho, `n//2 - 1`, ambapo `n` ni idadi ya namba zote; hapa yuko nafasi ya 2. Ana 3, na mtoto wake ni 8, basi wanabadilishana. Nafasi ya 1 ina 10, haina tatizo. Nafasi ya 0 ina 4, na watoto wake ni 10 na 8. Linganisha watoto wote wawili kisha mpandishe aliye mkubwa zaidi. Hiyo 4 haiishii hapo, inashuka tena chini ya 5. Tunapata 10, 5, 8, 4, 1, 3.

Ukianzia mbele, wakati mwingine utabahatika, na hapo ndipo mtu hudanganyika. Jaribu 1, 2, 3, 4, 5, 6: kileleni itabaki 3, huku 6 imekwama chini yake.

Sasa kutoa aliye mkubwa. Badilisha 10 na wa mwisho, 3, halafu punguza ukubwa wa hipu kutoka 6 hadi 5 *kabla* ya kuishusha 3. Hapa ndipo wengi huteleza, nami nimeteleza zaidi ya mara moja. Ikishuka, 3 inapishana na 8 na kutua nafasi ya 2, ambayo mtoto wake angekuwa nafasi ya 5, kule tulikoiweka 10. Kama ukubwa bado ni 6, programu itaona 10 ni kubwa kuliko 3 na kuirudisha juu. Ukiona namba uliyokwisha kuiweka mwisho imerudi katikati, angalia mstari huo kwanza. Ukipunguza vizuri, safu inakuwa 8, 5, 3, 4, 1, kisha 10 iliyokwisha kukaa mahali pake. Rudia mpaka hipu ibaki na mmoja.

Jiulize pia kama wenye thamani sawa wanatakiwa kubaki kwa mpangilio waliokuja nao. Mizigo miwili ya kilo 5, mmoja wa asubuhi na mwingine wa jioni, inaweza kutoka imepishana. Kama hilo lina uzito kwako, tafuta njia nyingine ya kupanga.