Orodha ya vifaa vya milango mitatu ya mkongo: mbao, bawaba, skrubu na akiba ya upotevu

Mafundi wengi tunapiga hesabu ya mbao kwa kujumlisha urefu wote, kisha tunaongeza asilimia kumi ya upotevu. Njia hiyo ni nyepesi, lakini mara nyingi inakurudisha dukani kwa ajili ya ubao mmoja, na huo mmoja si lazima ufanane rangi na wenzake. Hapa naeleza ninavyoandika orodha kwa kupanga vipande juu ya mbao zenyewe. Kazi ya mfano ni oda ya milango mitatu ya paneli kwa nyumba ya Mikindani, karibu na bahari. Fremu zimeshajengewa ukutani, na vitasa mwenye nyumba atanunua mwenyewe.

Hatua ya 1: Pima, kisha vunja mlango vipande vipande

Pima ndani ya kila fremu sehemu tatu: juu, katikati na chini. Chukua kipimo kidogo kabisa, kwa sababu fremu iliyojengewa haikosi kupinda kidogo. Kwenye oda hii, nikishatoa nafasi ya mlango kufunguka bila kukwama, kila mlango ni inchi 32 kwa 80.

Mlango mmoja una nguzo mbili za pembeni na vipande vitatu vya kulala: cha juu, cha kati na cha chini. Katikati zinakaa paneli mbili, ndefu juu na fupi chini. Nguzo, kipande cha juu na cha kati vinatoka kwenye mbao za 2x6. Kipande cha chini kinatoka kwenye 2x8, kwa kuwa ndicho kinachobeba uzito na kupigwa na maji ya kudekia.

Andika urefu wa kukatia, si urefu wa kazi iliyokwisha. Nguzo ina inchi 80, lakini naikata 84 ili kila mwisho ubaki na inchi 2 za ziada. Ziada hiyo inazuia ncha isipasuke ninapotoboa tundu la ulimi, na naikata mlango ukishagundishwa. Kipande cha kulala kina inchi 21 zinazoonekana. Nguzo ikirandwa inabaki na upana wa inchi 5 na nusu, na ulimi unapenya nguzo yote, kwa hiyo jumla ni 32. Naongeza nusu inchi kila upande, nakata 33.

Paneli zinaingia kwenye mfereji wa nusu inchi pande zote, na zinaachiwa nafasi kidogo bila gundi, ili zitanuke na kusinyaa bila kuusukuma mlango. Upana wake unakuwa inchi 21 na robo tatu. Vipande vya paneli ya juu nakata urefu wa inchi 38, vya chini 28.

Hatua ya 2: Nenda dukani na futi kabla ya kuandika idadi

Ubao unaoitwa nane si lazima uwe na inchi nane. Paneli yangu inaunganishwa kwa mbao tatu za 1x8, kwa hiyo kila moja ikisharandwa na kunyooshwa kingo lazima ibaki na inchi 7 na robo. Ukikuta mbao zina inchi 7 tu kabla ya kurandwa, tatu hazitafika, na orodha yote ya paneli inabadilika kuwa mbao nne kwa kila paneli.

Pima pia urefu. Kwa oda hii nilipata mbao za futi 12, yaani inchi 144. Angalia na utomvu ulipoishia: kwenye mkongo, sehemu nyeupe ya pembeni inaonekana wazi, na wadudu huanzia hapo. Upana ninaouhesabu ni wa moyo mwekundu peke yake.

Hatua ya 3: Panga vipande juu ya ubao

Chora mistari kwenye karatasi, kila mstari ubao mmoja, na ugawe vipande.

Ubao wa 2x6 unatoa nguzo moja ya 84 na kipande kimoja cha kulala cha 33. Jumla ni 117, inabaki karibu inchi 27. Nahitaji nguzo sita na vipande sita (vya juu na vya kati), basi mbao ni sita kamili.

Vipande vitatu vya chini ni inchi 99. Ubao mmoja wa 2x8 unatosha na inabaki kama inchi 45.

Kwa paneli, kila ubao wa 1x8 unatoa seti mbili za 38 na 28. Nahitaji seti tisa, kwa hiyo mbao ni tano, na ya tano inabaki na inchi 78.

Tazama jinsi asilimia inavyodanganya. Tuseme dukani kuna 1x8 za futi 7 tu. Seti tisa ni inchi 594. Ukiongeza asilimia kumi unapata kama 653, ukigawa kwa 84 unaandika mbao 8. Lakini ubao wa inchi 84 hautoi vipande vitatu, hata vile vifupi, kwa sababu 28 mara tatu ni 84 na msumeno nao unakula. Vipande ni 18, kila ubao unatoa viwili, unahitaji mbao 9. Asilimia imekupunja ubao mzima.

Hatua ya 4: Weka akiba mahali inapohitajika tu

Swali ni moja kwa kila aina ya ubao: kipande kikiharibika, mabaki yanaweza kuzaa kingine?

Kwa 2x8, mabaki ya inchi 45 yanatoa kipande cha 33. Akiba ipo tayari. Kwa 1x8, inchi 78 zinatoa seti nzima ya ziada. Akiba ipo. Kwa 2x6, inchi 27 hazitoi hata kipande cha 33. Zinakusaidia kukata ncha zilizopasuka, ila fundo au ufa ukitokea katikati ya nguzo umekwama. Hapo ndipo naongeza ubao wa saba.

Hatua ya 5: Bawaba na skrubu

Mkongo ni mzito, kila mlango naupa bawaba tatu za inchi 4. Zote ni 9. Zinauzwa kwa jozi, kwa hiyo andika jozi 5, na moja inabaki akiba.

Mikindani hewa ina chumvi, hivyo nachagua bawaba za shaba, na skrubu za shaba pia. Skrubu ya chuma kwenye bawaba ya shaba huoza haraka, na mlango huanza kushuka. Hesabu matundu kwenye bawaba uliyoishika mkononi; hizi zina 8. Bawaba 9 mara 8 ni skrubu 72, urefu wa inchi moja na nusu. Zile fupi zinazokuja na bawaba usizitegemee kwa mlango mzito.

Shaba ni laini na mkongo ni mgumu, kwa hiyo skrubu hukatika kichwa. Toboa kwanza, ingiza skrubu ya chuma ya saizi ileile ili ikate njia, itoe, ndipo utie ya shaba. Hata ukifanya hivyo weka akiba ya 8, ziwe 80. Zikiwa kwenye boksi la 100, chukua boksi na usiongeze kitu.

Hatua ya 6: Andika orodha pamoja na masharti

| Kifaa | Kinachohitajika | Cha kununua | Sharti |
|---|---|---|---|
| Mkongo 2x6, futi 12 | 6 | 7 | Usiwe na fundo katikati |
| Mkongo 2x8, futi 12 | 1 | 1 | Moyo mwekundu upana wote |
| Mkongo 1x8, futi 12 | 5 | 5 | Ibaki inchi 7¼ baada ya randa |
| Bawaba za shaba, inchi 4 | 9 | Jozi 5 | Matundu 8 |
| Skrubu za shaba, inchi 1½ | 72 | 80 | Zipite vizuri kwenye tundu la bawaba |
| Skrubu za chuma, saizi ileile | 4 | 4 | Za kukatia njia |

Safu ya masharti usiiache, hasa kama mteja ndiye anayekwenda kununua. Mwambie pia achukue risiti ya mbao, na akikuta urefu tofauti na futi 12 apige simu kabla ya kulipa, maana hatua ya 3 yote itabidi ichorwe upya.