Boda inakula mafuta na kunuka petroli: jinsi ya kuitibu hatua kwa hatua, na neno kidogo kuhusu Hiace ya moshi mweusi

Mwezi uliopita kijana anayeegesha pale Msamvu, Morogoro, aliniletea Boxer 150 ya kabureta. Alikuwa ameshapita kwa mafundi watatu. Kila fundi alikaza skrubu ya hewa, injini ikatulia, akalipwa, na kesho yake mafuta yakaisha mapema kama kawaida. Abiria walikuwa wanamlalamikia kwamba wakishuka nguo zinanuka petroli. Nimeandika hapa yote tuliyoyafanya, kwa mpangilio tulioufuata, kwa sababu boda nyingi zina ugonjwa huohuo.

Kwanza uelewe kinachotokea ndani. Kilo moja ya petroli inahitaji karibu kilo 15 za hewa ili iungue yote. Ukiigeuza kwa vipimo vya mtaani, lita moja ya petroli inameza kama lita 9,000 za hewa. Hewa ikipungua, au petroli ikizidi, sehemu ya mafuta haiungui. Nyingine inatoka mbichi, na ndiyo harufu ile inayochoma macho ukiwa nyuma ya boda kwenye foleni. Nyingine inaungua nusu na kuwa kaboni monoksidi, gesi yenye sumu isiyo na rangi wala harufu. Boda nyingi za kabureta hazina chochote kwenye ekzosi cha kusafisha gesi hizo, kwa hiyo kinachotoka kwenye silinda ndicho anachovuta mama anayeuza vitumbua pembeni ya kijiwe. Mafuta hayo hayo yasiyoungua umeyalipia kituoni.

Usisubiri kuona moshi. Injini ya petroli inaweza kuwa inatupa robo ya mafuta yake na ekzosi isionyeshe moshi wowote. Moshi mweusi ni petroli iliyozidi sana. Moshi wa bluu ni oili inayopita kwenye ringi au kwenye sili za vali, na huo hautibiki kwa kabureta. Kama boda yako inatoa bluu, acha mwongozo huu, pima kompresheni kwanza.

Hatua ya 1: Pima ulaji

Jaza tangi mpaka kwenye alama unayoweza kuirudia, pikipiki ikiwa imesimama wima kwa stendi kubwa. Andika kilomita. Endesha njia moja unayoifahamu, mwendo wako wa kawaida, usipungue kilomita 80. Rudi kituo kilekile, jaza mpaka alama ileile, soma lita. Tulikwenda Mzumbe na kurudi mara mbili: kilomita 90, lita 2.6. Hiyo ni kilomita 34 na nusu kwa lita, wakati Boxer nzima haina shida kuvuka 45. Kama mita ya kilomita imekufa, itengeneze kwanza. Bila namba hutajua kama umetibu au umebahatisha.

Hatua ya 2: Vitu vya nusu saa

Inua gurudumu la nyuma, lizungushe kwa mkono. Likikwama, breki inashika, legeza. Cheni iwe na mchezo wa sentimita 2 hadi 3 na iwe na oili. Upepo wa matairi uwe kama kitabu kinavyosema.

Eya klina: toa, iangalie juani. Ya karatasi iliyojaa vumbi haifuliwi, inabadilishwa. Sipendi kabisa kipande cha godoro ambacho mafundi wengi wanakata na kukipachika badala ya chujio. Vumbi laini la barabara zetu linapita humo na kusaga silinda, na godoro likilowa maji linaziba hewa. Kuendesha bila chujio ni mbaya zaidi.

Plagi: nafasi kati ya milimita 0.6 na 0.8. Tapeti zipimwe injini ikiwa ya baridi, asubuhi kabla haijawashwa, kwa fila geji. Pikipiki nyingi za namna hii zinataka kati ya 0.05 na 0.10, ila soma ya kwako. Tapeti iliyokaza sana inaifanya vali isifunge vizuri, kompresheni inavuja, mafuta yanatoka bila kuungua.

Tulipomaliza haya yote tukarudia safari ileile. Lita 2.4. Nafuu ipo, lakini ndogo. Tatizo kubwa bado lilikuwa mahali pengine.

Hatua ya 3: Kabureta, na hapa usiharakishe

Hili lilinichukua siku mbili miaka kadhaa iliyopita kwenye pikipiki yangu mwenyewe, kwa hiyo nitalieleza kwa urefu.

Kabureta inalisha injini kwa njia tofauti kulingana na ulivyovuta mafuta. Ukiwa sailensi, yaani injini inanguruma bila kuvutwa, inatumika jeti ndogo pamoja na skrubu ya hewa. Ukivuta mpaka mwisho, inatawala jeti kubwa. Katikati, kuanzia robo hadi zaidi ya nusu, kinachoamua ni sindano inayopanda na kushuka ndani ya bomba lake dogo la shaba. Sasa jiulize: dereva wa boda mjini anatumia sehemu gani siku nzima? Ile ya katikati. Skrubu ya hewa ambayo kila fundi anaikimbilia karibu haihusiki kabisa pale. Ndiyo maana injini inatulia vizuri mbele ya fundi na mafuta yanaendelea kwisha barabarani.

Anza kwa kuthibitisha. Funga kipande cha selotepu kwenye mkono wa mafuta na kingine kwenye kava yake, uweke alama za robo na nusu. Weka plagi safi. Pasha injini dakika kumi, kisha endesha kilomita 3 hivi barabara tambarare isiyo na magari, mkono ukiwa kati ya robo na nusu. Halafu, kwa pamoja, zima kwa swichi na ukamate klachi, uache pikipiki isereke mpaka isimame. Fungua plagi palepale.

Kosa langu la siku mbili lilikuwa hili: nilikuwa narudi gereji, naacha injini inanguruma huku natafuta spana, ndipo nafungua. Dakika moja ya sailensi inatosha kuichafua plagi, na ukaisoma sailensi ukidhani unasoma barabara. Beba spana ya plagi mfukoni.

Kaure ya ndani ikiwa ya rangi ya kahawa ya maziwa, mchanganyiko ni mzuri. Nyeusi kavu kama masizi ya sufuria, petroli imezidi. Nyeusi yenye kulowa na kuteleza, hiyo ni oili. Nyeupe ya chokaa, petroli ni kidogo mno na injini inapikika. Ya kijana wetu ilikuwa masizi matupu.

Kabla ya kugusa sindano, ondoa washukiwa wawili. Wa kwanza ni choki: waya wake ukivutwa sana, choki haifungi yote, na petroli ya ziada inaingia muda wote. Hakikisha waya una ulegevu kidogo. Wa pili ni boya. Vali yake ikiliwa na uchafu, mafuta yanapanda juu ya kiwango. Utaona unyevu kwenye mpira wa kumwagia au utasikia harufu asubuhi. Badilisha vali. Usikunje ulimi wa boya kwa kukisia.

Kama hao ni wazima, toa sindano. Pitisha ukucha kutoka juu kwenda chini. Sindano nzima ni laini mpaka mwisho, iliyoliwa ukucha unakwama kwenye kidato kidogo. Kisha chukua bomba lake la shaba, liangalie kuelekea kwenye mwanga: tundu liwe duara kamili. La kijana lilikuwa limeliwa upande mmoja, lina umbo la yai. Sindano inacheza humo miaka na miaka, tundu linapanuka kidogo kidogo, na petroli inayopita pembeni inaongezeka bila mtu kuona.

Badilisha sindano na bomba pamoja. Sindano mpya kwenye bomba lililopanuka ni kazi bure. Linganisha namba iliyogongwa kwenye sindano ya zamani na mpya, maana seti nyingi za dukani zinafanana kwa macho lakini unene ni tofauti. Kwenye jeti, usipitishe waya wa chuma hata siku moja. Ukikwaruza tundu umelipanua. Pulizia upepo wa kompresa tu. Nikikuta jeti iliyotobolewa kwa keekee ili "ipate nguvu", naitupa.

Kama sindano yako ina mitaro ya klipu, weka klipu mtaro wa katikati na urudie jaribio la plagi. Bado nyeusi? Pandisha klipu mtaro mmoja juu, sindano itashuka na petroli itapungua. Mtaro mmoja tu kwa kila jaribio. Ikianza kukosa nguvu mlimani, kupasuka kwenye ekzosi ukiachia mafuta, au plagi ikawa nyeupe, rudisha ulipotoka. Petroli ndogo mno inatoboa pistoni, na hasara yake inazidi mafuta yote uliyookoa.

Hatua ya 4: Sasa ndiyo skrubu ya hewa

Injini iwe ya moto. Funga skrubu taratibu mpaka iguse, fungua mzunguko mmoja na nusu, kisha tafuta mahali injini inapozunguka haraka zaidi, halafu punguza kwa skrubu ya sailensi. Angalia ilipo: ikiwa upande wa eya klina, kufungua kunaongeza hewa. Ikiwa upande wa injini, kufungua kunaongeza petroli. Nimeona watu wakizungusha kinyume siku nzima kwa kutojua hilo.

Safari ya tatu ya Mzumbe: kilomita 90, lita 1.9. Sasa ni kilomita 47 kwa lita. Kijana anatembea kama kilomita 130 kwa siku, kwa hiyo anaokoa lita moja kila siku, na abiria hawalalamiki tena.

Kwa wenye Hiace kuukuu za dizeli

Kanuni ni ileile, petroli au dizeli iliyozidi hewa, ila hapa utaiona kwa macho. Simamisha gari, kanyaga mafuta ghafla, mtu aangalie ekzosi. Wingu jeusi linaloendelea baada ya sekunde ya kwanza ni masizi, na moshi wa dizeli ulitangazwa mwaka 2012 na kitengo cha saratani cha Shirika la Afya Duniani kuwa unasababisha saratani.

Anza na eya klina, kisha peleka nozeli zikapimwe kwenye mashine. Inatakiwa itoke ukungu laini na ikate ghafla. Ikitoka kama mkojo wa mbuzi au ikidondosha matone, haiungui. Mwisho uliza kama kuna aliyefungua skrubu ya pampu ili gari lipande mlima na abiria wamejaa. Ikiwa lakiri imekatwa, pampu irudishwe kwenye benchi ya vipimo. Usiifunge kwa sikio, kwa sababu ukipunguza nusu mzunguko tu gari linaweza kushindwa kilima, na dereva ataifungua tena jioni hiyohiyo.