Mgonjwa wa klozapini anapoacha sigara: dozi ishushwe lini, na kwa kiasi gani

Baba mmoja wa Pasua, hapa Moshi, alimleta kijana wake kliniki akiwa analala mpaka saa saba mchana. Mate yalikuwa yanalowesha mto na akitembea anayumba kama mlevi. "Daktari, dawa ni ileile, hatujaongeza hata kidonge," baba akaapa. Alikuwa mkweli. Kijana alitumia klozapini miligramu 450 kwa siku kwa ajili ya skizofrenia. Kilichobadilika ni sigara: alikuwa akivuta 20 kwa siku, na wiki moja na nusu kabla ya hapo alikuwa ameacha ghafla.

Moshi wa tumbaku huchochea kimeng'enya cha ini kiitwacho CYP1A2, ambacho huvunja klozapini. Moshi ukikoma, kimeng'enya hupoa ndani ya siku chache na dawa hujaa kwenye damu, hata mara moja na nusu ya kiwango cha awali au zaidi. Wa kulaumiwa ni moshi wenyewe, nikotini haihusiki.

Tulimshushia dozi, akapata nafuu, kisha akarudia sigara na tukairudisha dozi. Miezi kadhaa baadaye alitaka kujaribu tena. Safari hii tulipanga hivi.

Hatua ya 1: Uliza anavuta nini, na ngapi

Usiandike tu "anatumia tumbaku". Anayeweka ugoro mdomoni havuti moshi, kwa hiyo akiuacha klozapini haiguswi. Bangi ya kuvutwa nayo ina moshi, na watu huificha, kwa hiyo ulizia bila ukali. Kumbuka pia kwamba sigara kama 7 hadi 12 kwa siku zinatosha kukichochea kimeng'enya karibu na kilele. Akitoka 20 akafika 12, usikimbilie kugusa dozi.

Kahawa nayo iulizwe, maana huku kwetu si jambo dogo. Kafeini hupitia kimeng'enya hichohicho, na anayeacha sigara akahamia vikombe sita vya kahawa anaipandisha klozapini kwa njia mbili.

Kama maabara inapima klozapini, chukua damu kabla hajaacha.

Hatua ya 2: Anza vareniklini, dawa ya kusaidia kuacha sigara, wiki moja kabla ya siku ya kuacha

Siku ya 1 hadi ya 3 ni miligramu 0.5 mara moja kwa siku. Siku ya 4 hadi ya 7 ni 0.5 mara mbili. Kuanzia siku ya 8, ambayo ndiyo ya kuacha sigara, ni 1 mara mbili, mpaka wiki 12 zitimie. Imeze baada ya kula, na glasi nzima ya maji, la sivyo kichefuchefu kitamfanya aiache. Ndoto kali zikimsumbua, kidonge cha pili akimeze mapema jioni. Mwenye figo dhaifu sana asizidi 0.5 mara mbili.

Wenzangu wengi bado wanaiogopa kwa sababu ya onyo la Marekani la mwaka 2009 kuhusu kujiua na kuchafuka akili. Onyo hilo liliondolewa Desemba 2016, baada ya utafiti wa EAGLES wa watu zaidi ya 8,000, karibu nusu yao wenye magonjwa ya akili, kutoonyesha ongezeko la maana la madhara hayo. Lakini wale walikuwa wametulia. Aliye katikati ya mlipuko wa ugonjwa, mtulize kwanza. Aliyewahi kupata degedege, pima faida na hatari kwa makini. Bupropioni, dawa nyingine ya kuachisha sigara, mimi siichanganyi na klozapini kabisa, kwa kuwa zote mbili zinakaribisha degedege.

Vareniklini yenyewe hutoka kwa mkojo na haigombani na klozapini.

Hatua ya 3: Shusha klozapini robo, ndani ya wiki ya kwanza bila sigara

Kijana wetu alishuka kutoka 450 hadi 400 siku aliyoacha, na hadi 350 siku ya nne. Siku ya saba tukamwona. Mate bado yalikuwa mengi na asubuhi alikuwa mzito, basi tukafika 325.

Mwulize choo kila anapokuja. Usingizi na mate huonekana na kila mtu, ila utumbo uliolala hauonekani, nao unaua. Tumbo likijaa, siku tatu hakuna choo, au akianza kutapika, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Vivyo hivyo mikono ikianza kurukaruka yenyewe, kwani degedege inaweza kufuata.

Hatua ya 4: Panga mapema kurudia kwake

Akirudia kuvuta kila siku, dawa itashuka na sauti zitarudi. Hapo dozi irudishwe polepole ndani ya wiki moja hadi ile ya zamani. Wiki ya sita kijana alivuta sigara mbili msibani Kibosho, akatuambia mwenyewe. Hatukugusa dozi, maana hakuendelea.

Kwenye kadi yake tumeandika kwa wino mwekundu: "325, HAVUTI". Zamani tuliandika namba peke yake.