Somo: Nenosiri la kufungulia PDF na ruhusa zake

Tuchukue mfano wa mhasibu wa kikundi cha wakulima wa zabibu Hombolo, anayetaka kuwatumia wajumbe wa kamati orodha ya malipo yenye majina na namba za akaunti za benki. Faili linaitwa malipo.pdf, na programu tutakayoitumia ni qpdf, ambayo ni ya bure na huendeshwa kwa amri.

Amri yenyewe ni hii:

```
qpdf --encrypt NENO1 NENO2 256 --print=none --modify=none --extract=n -- malipo.pdf malipo-siri.pdf
```

Mahali pa NENO1 weka nenosiri la kufungulia, na mahali pa NENO2 weka nenosiri la mwenye faili, ambalo linafaa kuwa tofauti. Namba 256 ni urefu wa ufunguo, na maneno matatu yanayofuata yanazuia kuchapa, kuhariri na kunakili. Kwa kuwa amri hubaki katika kumbukumbu ya kompyuta, usiifanyie kazi hii kwenye mashine ya duka la stesheneri.

Baada ya hapo hakiki:

```
qpdf --show-encryption --password=NENO1 malipo-siri.pdf
```

Utaona orodha ya ruhusa, kila moja ikiwa na allowed au not allowed.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo wengi hulikosea. Nenosiri la kufungulia ndilo linalolinda kweli, kwa sababu yaliyomo husimbwa, na asiye na neno hilo huona vurugu tupu. Ruhusa, kwa upande wake, ni ombi tu kwa programu ya kusomea: faili likishafunguka, ufunguo wa kusoma kila kitu umeshapatikana, na programu isiyojali ombi hilo itachapa na kunakili. Mjumbe mwenye NENO1 anaweza kuandika amri hii na kupata nakala isiyo na kizuizi chochote:

```
qpdf --decrypt --password=NENO1 malipo-siri.pdf wazi.pdf
```

Ukiacha nenosiri la kufungulia likiwa tupu na kuweka la mwenye faili pekee, basi hata asiye mjumbe ataweza, bila kubahatisha neno lolote. Zaidi ya hayo, picha ya skrini haihitaji ruhusa ya mtu.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, je, namba yangu ya simu inafaa kuwa nenosiri?*
Haifai, ndugu yangu. Aliyelipata faili anaweza kujaribu namba zote zinazoanza na 06 na 07 kwa kompyuta yake mwenyewe, wala faili halijifungi baada ya makosa matatu kama kadi ya benki. Tumia maneno manne au matano yasiyohusiana, uyaandike bila nafasi kati yake ili amri isikwame, kisha mtajie mjumbe kwa simu, usiyatume kwenye barua pepe ileile yenye faili.

*Mjumbe mmoja anaambiwa nenosiri si sahihi, ilhali mimi linanifungukia. Kwa nini, mwalimu?*
Hakikisha kwanza herufi kubwa na ndogo. Zikilingana, huenda programu yake ni ya zamani na haielewi usimbaji wa 256. Asakinishe mpya zaidi.

*Nikilisahau NENO1 je?*
Tumia NENO2, mama, kwani nalo hulifungua faili. Ukiyasahau yote mawili, faili hilo halina mlango wa nyuma. Rudi kwenye malipo.pdf ya awali, ambayo qpdf haikuigusa, na kwa sababu hiyohiyo kumbuka kwamba bado iko wazi kwenye kompyuta yako.