Mkato wa kuruka: jinsi ya kukata eneo la ndani ya gari kama Godard na Coutard

Mkato wa kuruka ni pale unapotoa kipande katikati ya shoti moja kisha ukaunganisha pande mbili zilizobaki bila kuficha. Mtu yuleyule, kamera palepale, lakini muda umeruka. Kabla ya miaka ya sitini mhariri aliyefanya hivyo alionekana hajui kazi. Kanuni ilisema ukitaka kumkata mtu yuleyule mara mbili mfululizo, hamisha kamera walau nyuzi 30 au badili ukubwa wa picha, ili jicho lipate sababu ya kuukubali mkato.

Filamu iliyoivunja kanuni hiyo mbele ya watu wengi ni À bout de souffle ya mwongozaji Jean-Luc Godard, iliyopigwa Agosti na Septemba 1959, sehemu kubwa jijini Paris, na kutoka Machi 1960. Mimi ni mhariri wa video, na eneo moja la filamu hiyo nimelirudia kwa mazoezi mara nyingi kuliko kitu kingine chochote: Jean Seberg amekaa kiti cha mbele cha gari la wazi, kamera iko nyuma yake, na Jean-Paul Belmondo, anayeendesha, anazitaja sifa za mwili wa Seberg moja moja huku picha ikiruka. Nitakuonyesha linavyofanya kazi, kisha tutalitengeneza letu kwa simu.

Kwanza, elewa kwa nini lilikatwa hivyo

Godard alimaliza kupiga akiwa na filamu ya zaidi ya saa mbili, na mkataba ulitaka isizidi saa moja na nusu. Kawaida mtu angeondoa maeneo mazima. Yeye na mhariri Cécile Decugis wakaamua kuacha maeneo karibu yote na kupunguza ndani ya shoti, wakibakiza vipande vyenye uhai tu. Kuhusu mazungumzo ya ndani ya gari, Godard alikuja kusimulia kwamba badala ya kupunguza kidogo kwa huyu na kidogo kwa yule, walirusha sarafu kuamua nani aondolewe kabisa kwenye picha. Sarafu ikamwangukia Belmondo. Ndiyo maana tunamsikia yeye lakini tunamwona Seberg.

Sasa litazame eneo lenyewe polepole, fremu kwa fremu. Utagundua mambo matatu yanayokwenda pamoja. Kichwa na shingo ya Seberg vinabaki karibu palepale kwenye picha. Mtaa, jua na vivuli nyuma yake vinaruka. Sauti ya Belmondo haikatiki. Kimoja kinakaa, kimoja kinaruka, kimoja kinaendelea. Ondoa lolote kati ya hayo matatu, mkato utaonekana kosa. Mwongozo huu wote umesimama hapo.

Pili, shika kamera kwa mkono, lakini iwe tuli

Watu wengi wakisikia kamera ya mkononi wanadhani ni kuitikisa. Raoul Coutard, mpiga picha wa filamu hii, alikuwa amewahi kupiga picha za vita Indochina, na mkono wake ulikuwa mtulivu kweli. Alitumia Cameflex, kamera ya milimita 35 nyepesi kiasi cha kubebeka bila stendi. Kwa shoti za kutembea aliketi kwenye kiti cha magurudumu akasukumwa, mara nyingine na Godard mwenyewe. Kwenye Champs-Élysées alijificha ndani ya mkokoteni wa posta ili wapita njia wasijue wanapigwa picha. Kushika kwa mkono kuliwapa uhuru wa kuingia mahali ambapo reli na taa zisingeingia. Mtikisiko haukuwa lengo.

Kwa hiyo ndani ya gari kaa kiti cha nyuma, mkanda umefungwa, viwiko vimebanwa mbavuni, mgongo *usiguse* kiti. Ukiegemea kiti, kila shimo la barabarani linapanda moja kwa moja hadi kwenye simu. Ukikaa wima, kiuno chako kinalimeza. Tumia lenzi ya kawaida, usivute karibu, kwa sababu kuvuta kunakuza kila mtetemo. Zima utulizaji wa picha kama simu inaruhusu: ule utulizaji hukata kingo na kuhamisha fremu kidogokidogo, na sisi tunataka shingo ikae palepale. Kwenye iPhone bonyeza skrini kwa muda mpaka yaonekane maandishi `AE/AF LOCK`, ili fokasi na mwanga visibadilike vyenyewe. Tunataka mwanga ubadilike kwa sababu gari limeingia kivulini. Kamera ikiurekebisha yenyewe, mruko unapoteza nusu ya nguvu zake.

Nilipolifanya zoezi hili mara ya mwisho tulitoka Mwenge kwenda Posta, jijini Dar es Salaam. Huku kwetu dereva yuko kulia, basi nilikaa nyuma ya dereva nikamlenga abiria wa mbele kushoto kwa mshazari, shingo na shavu vikionekana, midomo haionekani. Njia hiyo inafaa kwa sababu nyuma ya kichwa mandhari yanabadilika sana: maduka ya Makumbusho, kisha majengo ya Morocco, kisha daraja la Salenda kando ya bahari, ambapo upande wa kushoto unafunguka ghafla na anga inakuwa nyeupe. Nilipiga njia nzima bila kuzima. Barabara iliyonyooka yenye miti ileile haitakufaa, hata iwe nzuri namna gani.

Tatu, sauti irekodiwe baadaye

Cameflex ilikuwa na kelele, kwa hiyo filamu ilipigwa bila sauti ya kutumika na maneno yakaingizwa studio. Godard aliitumia hali hiyo vizuri: aliweza kuwaita waigizaji mistari yao huku kamera inazunguka, kwa vile sauti ile isingetumika.

Nawe fanya vivyo hivyo. Dereva asiigize, aangalie barabara. Mkifika, kaeni ndani ya gari lililozimwa, vioo vimefungwa, arekodi maneno yake akiwa na simu kama sentimita 20 kutoka mdomoni. Ya kwetu yalikuwa sekunde 38. Rekodi pia dakika moja ya mlio wa gari likitembea, bila mtu kusema. Mlio huo utatandazwa chini ya eneo zima bila kukatwa popote, na ndio gundi ya kila kitu.

Nne, kata

Hapa natumia DaVinci Resolve toleo la bure, fremu 25 kwa sekunde. Futa sauti iliyokuja na picha. Weka maneno kwenye `A1` na mlio wa gari kwenye `A2`, kisha funga kufuli la njia zote mbili ili zisisogee. Picha iko `V1` peke yake. Unakata kwa `Ctrl+B`, unachagua kipande usichokitaka, unabonyeza `Delete`, na kilichobaki kinasogea kuziba pengo. Usitumie `Backspace`, maana hiyo inaacha shimo jeusi.

Sasa swali ni ukate wapi. Mazoea yatakuvuta ukate pale msemaji anapopumua. Usifuate. Mkato ukiangukia kwenye nukta ya sentensi, mtazamaji anauchukulia kama aya mpya na hasikii chochote. Mkato ukiangukia katikati ya maneno, sauti inaendelea kutembea huku picha imeruka, na hapo ndipo mwili wa mtazamaji unashtuka. Kwenye eneo letu dereva anasema "na mikono yako ukishika kikombe". Mkato uko kati ya "ukishika" na "kikombe": kwenye "ukishika" kuna maduka nyuma, kwenye "kikombe" kuna bahari.

Pima urefu kwa sikio, usiufanye sawasawa. Vipande vyetu vilikuwa sekunde 7, 3, 5, 2, 9, 4, 2 na 6, jumla 38. Kipande cha kwanza ni kirefu ili mtazamaji aamini kwamba ni shoti ya kawaida. Zile sekunde 9 za katikati zipo kwa sababu baada ya miruko minne jicho limeanza kuizoea, na linahitaji kulala kidogo kabla ya kuamshwa tena. Niliwahi kukata kila baada ya sekunde 4, na eneo likageuka kuwa mdundo wa mashine ambao hakuna aliyeushtukia baada ya nusu dakika.

Tano, kagua kila mkato

Simamisha kwenye fremu ya mwisho ya kipande, kisha bonyeza mshale wa kulia na wa kushoto kwenda na kurudi kati yake na fremu inayofuata. Shingo isisogee zaidi ya upana wa kidole kwenye skrini ya kompyuta. Ikisogea zaidi, mtazamaji atadhani ni shoti nyingine mbovu. Unaweza kuisahihisha kwa kusogeza picha kidogo, ila ukizidisha kingo zitaonekana. Kisha angalia nyuma ya kichwa: lazima kitu kikubwa kiwe kimebadilika, mwanga au umbo. Mara yangu ya kwanza nilikata tukiwa tumesimama kwenye taa za barabarani, ukuta uleule nyuma, na rafiki niliyemwonyesha akaniuliza kama faili limeharibika. Aliona sawa. Kilichobaki machoni pake kilikuwa kuruka kwa nywele tu.

Tofautisha pia kazi hii na mikato ya video za watu wanaoongea mbele ya kamera siku hizi. Hao wanakata pumzi na kujikwaa ili maneno yaende haraka, na wengi huvuta picha karibu kidogo kila mkato ili usionekane. Pale sauti na picha zinakatwa pamoja. Hapa sauti ni moja na picha ndiyo inayopoteza muda, kwa hiyo safari ya nusu saa inaingia ndani ya pumzi ya sentensi chache. Ndiyo maana midomo ikionekana zoezi linavunjika: maneno ya sekunde 38 hayawezi kukaa kwenye mdomo uliorukishwa mara saba.

Njia hii haikuzaliwa na gari la Paris peke yake. Mwongozaji Jean Rouch, akipiga filamu ya Moi, un noir mtaa wa Treichville, Abidjan, alitumia kamera ya springi inayokazwa kwa mkono ambayo haikuweza kwenda zaidi ya sekunde 25 hivi bila kukazwa tena, na maneno ya vijana aliowapiga picha yaliingizwa baadaye juu ya picha zilizokatikakatika. Godard aliitazama na kuisifu kabla ya kupiga yake. Ukipata nafasi, itazame baada ya kumaliza zoezi, ukiwa na kalamu, uandike kila mahali picha inaporuka huku sauti ikiendelea.

Kisha rudi kwenye mradi wako. Zima `A1`, acha mlio wa gari peke yake, utazame eneo lote tena. Mruko ambao bado unakushtua bila maneno, ubakize. Ule unaopita kimya, rudisha kipande ulichokitoa na utafute mahali pengine pa kukata.