Kabla ya kuandika kwamba mashine "inashikiliwa kwa ajili ya kuuzwa"

Kampuni za mbao za Mafinga zinabadilisha mashine kila mara. Aliyekuwa na ding-dong, ile mashine ya msumeno wa duara, ananunua msumeno wa mkanda, na aliyekuwa na msumeno mdogo anatafuta mkubwa. Mashine ya zamani inasogezwa pembeni, na mkurugenzi anamwambia mhasibu, "Hiyo tunaiuza, usiikate uchakavu tena." Mhasibu asitii kwanza. Kuna mambo ya kupitia, na ukiyaruka mkaguzi atakurudisha nyuma hadi tarehe ya agizo lile.

La kwanza ni kujua hesabu zenu zinafuata viwango gani. Kundi hili la "mali inayoshikiliwa kwa ajili ya kuuzwa" linatoka kwenye IFRS 5, kiwango cha tano cha viwango vya kimataifa vya taarifa za fedha, na linawahusu wanaotumia IFRS kamili. Kampuni nyingi za ukubwa wa kati huku kwetu zinatumia IFRS ya biashara ndogo na za kati, ambayo haina kundi hilo. Chini ya kiwango hicho, uamuzi wa kuuza ni dalili kwamba thamani ya mashine huenda imeshuka, kwa hiyo unaipima, lakini uchakavu unaendelea mpaka siku mashine inapotoka mikononi mwenu. Fungua ukurasa wa sera za uhasibu kwenye hesabu zilizokaguliwa mwaka jana. Ukikuta ni kiwango cha biashara ndogo, yanayofuata hapa hayakuhusu.

Kama ni IFRS kamili, nenda karakana ukaiangalie mashine yenyewe. Kanuni inataka iwe tayari kuuzwa sasa, katika hali iliyo nayo leo. Tuseme beringi za gurudumu la msumeno zimekwisha, na mmeamua kuzibadilisha kwanza ndipo mtafute mteja. Hapo haijawa tayari, na uchakavu unaendelea mpaka ukarabati uishe. Vilevile kama mna oda ya mbao za paa ambayo lazima ipasuliwe kwa mashine hiyo kabla hamjaikabidhi, haijawa tayari. Muda wa kawaida wa kuifungua na kuipakia kwenye lori hauna tatizo, kwa sababu mnunuzi yeyote wa mashine kama hiyo anautarajia.

Kusimama tu hakutoshi. Msumeno uliolala chini ya turubai tangu masika kwa kuwa magogo hayafiki, bado unakatwa uchakavu kama kampuni inatumia njia ya kiwango sawa kila mwaka. Na mashine ambayo mnapanga kuitupa au kuikata vyuma chakavu baada ya kuitumia mpaka mwisho haiingii kundi hili, kwa kuwa thamani yake itarudi kwa kutumika, si kwa kuuzwa.

Halafu tafuta karatasi. Mauzo yanapaswa kuwa na uwezekano mkubwa sana wa kutokea, na hilo linaonekana kwa vitendo: wenye mamlaka wameamua, mnunuzi anatafutwa kweli, bei inayotajwa inalingana na soko, na mauzo yanatarajiwa kukamilika ndani ya miezi 12. Nitasisitiza bei, maana ndipo watu wengi wanapoanguka. Ukiweka tangazo la milioni 70 kwa mashine ambayo wanunuzi wa Makambako na Njombe wanaitajia milioni 50, unayo nia ya kuuza lakini huna mpango wa kuuza. Usikubali pia kulinganishwa na bei ya ding-dong ya jirani. Ni mashine ya aina nyingine, inapoteza sehemu kubwa ya gogo kwenye pumba za mbao, na wanunuzi wake ni wengine. Kama mashine imewekwa dhamana benki, jua mapema benki itaiachia kwa masharti gani.

Tarehe nayo haichezewi. Kikao cha bodi kikikaa Januari 10, huwezi kurudisha uamuzi ule kwenye hesabu zilizofungwa Desemba 31. Unaueleza kwenye maelezo ya hesabu hizo, lakini uchakavu wa mwaka ule unabaki kamili.

Sasa tufanye hesabu. Msumeno wa mkanda ulinunuliwa kwa shilingi milioni 96 na kuanza kazi Januari 1, 2021. Maisha yake yalikadiriwa miaka 8 bila thamani ya mwisho, yaani uchakavu wa milioni 1 kila mwezi. Masharti yote yametimia Septemba 30, 2024. Kwanza unakata uchakavu mpaka siku hiyo: miezi 45, milioni 45. Thamani ya kitabuni ni milioni 51. Hatua hii wengi wanaisahau. Wanaanza na salio la Desemba iliyopita, na miezi tisa inapotea.

Kisha unatafuta thamani yake sokoni ukitoa gharama za kuuza. Soko linasema milioni 50. Dalali anachukua asilimia 5, ambayo ni milioni 2.5, na kuifungua na kuipakia ni milioni 1.5. Inabaki milioni 46. Riba ya mkopo na kodi ya mapato haziingii kwenye gharama hizi. Mshahara wa fundi wenu wa kudumu nao hauingii, kwa sababu mngemlipa hata kama mashine isingeuzwa.

Kati ya 51 na 46 unachukua ndogo. Unaitoa mashine kwenye mitambo: milioni 96 ya gharama na milioni 45 ya uchakavu zinaondoka, milioni 51 inahamia kwenye mstari wake wa peke yake ndani ya mali za muda mfupi. Hapohapo milioni 5 inaandikwa kama hasara ya kushuka kwa thamani, na mstari unabaki na milioni 46. Kuanzia Oktoba hakuna uchakavu tena. Kama soko lingetoa milioni 60 baada ya gharama, ungeiacha kwenye 51. Faida ungeisubiri mpaka mauzo yenyewe.

Tuseme Desemba 31 haijauzwa, na bei zimepanda hadi kubaki milioni 53 baada ya gharama. Unairudisha mpaka 51 tu, yaani faida ya milioni 5, kwa kuwa faida haiwezi kuzidi hasara uliyokwisha kuiandika.

Jambo la mwisho la kuandaa ni njia ya kurudi. Miezi 12 ikipita kwa sababu zilizo nje ya uwezo wenu, na bado mnahangaika kuuza kweli, mashine inaweza kubaki kwenye kundi lake. Lakini mkurugenzi akibadili nia Machi 31, 2025 kwa kuwa oda zimeongezeka na mashine mpya haitoshi, inarudi kwenye mitambo. Unajiuliza ingekuwa na thamani gani kama usingeacha kukata uchakavu: 51 ukitoa miezi sita, ni milioni 45. Unalinganisha na kiasi kinachoweza kurejeshwa kutoka kwake, kwa kutumika au kwa kuuzwa, siku ya uamuzi huo. Kama hicho ni milioni 55, unachukua 45, na milioni 6 inaingia kwenye matumizi ya 2025 kwa mkupuo mmoja. Kwa hiyo tunza daftari la mali lenye gharama ya asili, tarehe ya kuanza kazi na kiwango cha uchakavu hata baada ya kuihamisha mashine. Bila daftari hilo, hiyo milioni 45 huwezi kuipata.